Kumwalika msomi wa nje kwenye mhadhara wa dini mbalimbali: jinsi ya kuandika barua ya mwaliko

Mimi ni katibu wa kamati ndogo ya Dar es Salaam. Nusu yetu ni waumini wa msikiti mmoja, nusu ni wa parokia iliyo mtaa wa pili. Tunaandaa mhadhara wa hadhara ambao huwaleta watu wa dini zote mbili ukumbi mmoja kumsikiliza msomi asiye wa kwetu. Kazi yangu ni barua. Nimeandika nzuri, na nimeandika moja mbaya ambayo nitaisimulia, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha mengi ya haya ninayoandika.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kamati inataka kumwalika mwanahistoria wa dini kutoka Nairobi azungumzie hijra ya kwanza, pale Waislamu wa mwanzo walipokimbia mateso ya Makka mwaka 615 na kupewa hifadhi Habasha kwa Najashi, mfalme Mkristo wa Aksum. Mhadhara unapangwa mapema Februari 2027.

Piga simu kwanza, kisha ndipo uandike

Barua rasmi isiwe habari ya kwanza anayoipata mgeni. Mpigie, au mtume mtu anayefahamiana naye, umuulize mambo matatu: kama ana nafasi katika majuma hayo, kama mada imo katika eneo lake, na anavyopenda kuandikwa. Hili la mwisho watu hulipuuza. Kuna mtu ni Sheikh na pia ni Daktari wa falsafa, na hapendi kimoja kitajwe bila kingine. Kuna padre ambaye chuoni ni Profesa na anataka barua ya kitaaluma imwite hivyo. Muulize pia jina lake lilivyo kwenye pasipoti, maana barua hiyohiyo ndiyo atakayoionyesha Namanga au uwanja wa ndege akiulizwa amekuja kufanya nini. Raia wa Kenya haombi viza kuingia Tanzania, lakini kuzungumza kwa malipo ni jambo la kuuliza Idara ya Uhamiaji mapema kama linahitaji kibali. Swali hilo liulizwe na wenyeji, mgeni asiachiwe.

Kwa mhadhara wa tarehe 3 Februari, simu ipigwe mwezi Oktoba na barua itoke mwanzoni mwa Novemba. Mkichelewa hadi baada ya Krismasi mtampata mtu aliyekwisha kujaza shajara yake, au atakayekuja na hotuba ya zamani.

Mada: andika hata kile ambacho mhadhara si chake

Hapa ndipo nilipokosea. Miaka kadhaa iliyopita niliandika barua ya aya mbili, nikamwomba mgeni atoe "mhadhara kuhusu Uislamu na Ukristo." Niliona inatosha. Mgeni alikuja na begi la vitabu vyenye vikaratasi vya rangi kwenye kurasa, Biblia ikiwemo, na kabla ya robo saa kwisha alikuwa anawauliza wasikilizaji wa upande wa pili, mmoja mmoja, aya hii inasema nini na ile inasema nini. Watu wa parokia walianza kutoka. Baadaye jioni aliniambia, kwa upole kabisa, "Katibu, mliniita kwenye mhadhara wa Waislamu na Wakristo. Nilijiandaa kwa mhadhara."

Alikuwa na haki. Kwetu Tanzania neno hilo lina historia yake. Katika miaka ya 1980 na 1990 mihadhara ilikuwa mikutano ya uwanjani ambapo wahubiri walilinganisha vitabu ili kuonyesha kipi cha kweli, na kanda zake zilisambaa mji mzima. Kwa mtu wa umri wangu, mhadhara wa dini mbili ni mashindano mpaka aambiwe vinginevyo. Kwa hiyo barua lazima imwambie vinginevyo, kwa maneno yasiyo na njia ya kufasiriwa mara mbili.

Aya ya mada ninaijenga kwa sentensi tatu au nne. Ya kwanza inataja jina la mhadhara. Ya pili inaweka swali moja ambalo kamati inataka lijibiwe. Ya tatu inasema mpaka uko wapi. Ya nne inampa mgeni ruhusa ya kubadilisha jina na mkazo, na tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo.

Jina la mhadhara ndilo litakalobandikwa ukutani, kwa hiyo lipime kwa masikio ya pande zote. Chukua mfano wetu. Pendekezo la kwanza mezani kwetu lilikuwa "Najashi, mfalme Mkristo aliyewaokoa Waislamu." Linasikika vizuri. Lakini Waislamu wana hadithi sahihi kwamba Najashi alipofariki, Mtume alimswalia swala ya maiti akiwa mbali, na kwao huyo ni mtu aliyekufa Mwislamu. Wakapendekeza jina la pili la mhadhara, "Najashi, mfalme aliyesilimu." Sasa Wakristo, ambao hawana mapokeo hayo, wakaona wanaitwa kuja kusikia mfalme wao akihesabiwa upande mwingine. Majina yote mawili yanatoa hukumu kabla mgeni hajafungua kinywa, na swali la kwanza kutoka ukumbini lingekuwa hilo na hakuna jingine.

Jina tulilolifikia ni "Kimbilio Aksum: Najashi, Jaafar na Surat Maryam." Linataja watu na tukio, halitaji mshindi. Mapokeo ya sira, yaani wasifu wa Mtume, yanasimulia kwamba Makureshi, kabila lililotawala Makka, walituma wajumbe kuwadai wakimbizi hao, Najashi akawataka wajieleze, na Jaafar bin Abi Talib akamsomea mwanzo wa Surat Maryam, habari za Zakaria na za Maryamu. Mkristo anayesoma sura ya kwanza ya Luka anazijua habari hizo kwa njia yake. Hapo ndipo pana mazungumzo ya saa mbili bila kugombana, na ndipo swali la mhadhara linapopatikana: ni nini kilisemwa mbele ya mfalme, na kila jamaa hulikumbuka vipi tukio hilo?

Kisha mpaka. Usiandike "tafadhali usiguse mambo yenye utata," kwa kuwa hakuna msomi anayejiheshimu atakayejua afanye nini na sentensi hiyo. Taja jambo lenyewe: mgeni yuko huru kueleza mapokeo ya pande zote kuhusu mwisho wa Najashi, ila kamati haimwombi aamue nani mkweli, na mwenyekiti wa kikao hatapokea maswali ya kulinganisha dini ipi ni bora. Msomi atakushukuru. Umemlinda pia, kwa sababu akiulizwa atasema ndivyo walivyokubaliana.

Hadhira: mchoree picha ya ukumbi

Mgeni wa nje hajui nani atakaa mbele yake. Ukimwandikia "wananchi wote," atatayarisha kitu cha wote kisichomfaa yeyote. Mpe idadi mnayoitarajia kwa ukweli. Sisi hupata watu 150 hadi 200, na ndivyo ninavyoandika, hata kama ukumbi unachukua 400. Mgeni aliyeandaliwa kwa mia nne akiona viti nusu vitupu hudhani watu wamemsusia.

Mwambie pia mchanganyiko wao. Kwetu huwa ni walimu wa madrasa na wa shule ya Jumapili, vijana wa sekondari, akina mama wa jumuiya ndogo ndogo, masheikh wachache na mapadre wachache, na wastaafu wanaosoma sana. Wengi wanakijua kitabu chao vizuri na cha mwenzao kidogo mno. Sentensi hiyo moja humsaidia mhadhiri kuliko ukurasa mzima wa sifa za kamati. Atajua kwamba akitaja Surat Maryam aieleze, na akimtaja Zakaria wa Luka amweleze vilevile.

Lugha isemwe wazi. Msomi wa Nairobi anaweza kuwa amezoea kufundisha kwa Kiingereza, na Kiswahili chake cha kitaaluma kikahitaji majuma mawili ya kujinoa. Mwandikie kwamba mhadhara ni kwa Kiswahili, na kwamba aya za Kiarabu au Kigiriki zikisomwa zifasiriwe palepale.

Halafu kuna mambo mawili yanayotia watu aibu yasipoandikwa. La kwanza ni mpangilio wa kukaa. Sisi wanawake na wanaume hukaa katika ukumbi mmoja, safu za upande wa kulia zikitengwa kwa wanawake wanaopenda kukaa peke yao. Mgeni aambiwe, maana wapo watakaoona ni kidogo na wapo watakaoona ni kingi mno, na kila mmoja ana haki ya kuamua kabla ya kukubali. La pili ni kurekodi. Siku hizi hakuna mkutano usiorekodiwa. Kamati ikirekodi, barua iseme nani anarekodi, itahifadhiwa wapi, na kwamba mgeni atapewa nakala kamili kabla haijatolewa. Kipande cha sekunde arobaini kilichokatwa kutoka katikati ya sentensi na kurushwa kwenye makundi ya Watsapu kinaweza kumharibia mtu jina kwa watu wa dini yake mwenyewe, na yeye ndiye atakayerudi kuishi nao.

Maswali sisi huyapokea kwa vikaratasi, yanasomwa na wenyeviti wawili, mmoja wa kila upande. Yeyote aliyewahi kumpa kipaza sauti mtu mwenye hotuba yake mfukoni anajua kwa nini. Liandike nalo.

Tarehe na saa: hesabu kalenda zote kabla ya kuichagua

Juma la kwanza la Februari kila mwaka ni Wiki ya Maelewano ya Dini Duniani, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2010 kwa pendekezo la Mfalme Abdullah wa Pili wa Jordani. Ni wakati mzuri, na wageni wengi wanaujua. Ila mwaka 2027 juma hilo limebanwa. Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea kuandama kwa mwezi, na Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari. Yaani Waislamu wanaingia kwenye mfungo na Wakatoliki kwenye Kwaresima ndani ya siku tatu. Ukisogeza mhadhara wiki moja mbele umekosa wote, na hawatarudi kabla ya Idi ya mwanzo wa Machi na Pasaka ya tarehe 28.

Ndani ya juma lenyewe nako kuna kuchagua. Jumapili tarehe 7 jioni watu watakuwa wanaangalia mwezi. Jumamosi inawafungia nje Waadventista mpaka jua litue. Ijumaa haina haja ya maelezo. Jumatatu na Alhamisi wapo wengi wanaofunga sunna, hasa mwezi wa Shaaban. Zimebaki Jumanne na Jumatano. Makanisa mengine yana ibada ya katikati ya wiki siku ya Jumatano, kwa hiyo tuliuliza jirani zetu kwanza, wakasema kwao haiko. Tukachukua Jumatano tarehe 3 Februari.

Saa inawekwa kati ya swala mbili. Mapema Februari hapa Dar es Salaam, Alasiri huingia karibu na saa kumi na Magharibi karibu na saa moja kasorobo. Ukianza saa kumi na nusu na kumaliza saa kumi na mbili na nusu, waliokuja wameswali na watawahi kuswali, na hakuna anayesimama katikati ya hoja muhimu. Dakika 45 za mgeni, 10 za mapumziko ya maji, 50 za maswali, na zinazobaki ni za kufungua na kufunga.

Kuhusu kuandika saa, msomaji anisikilize vizuri. Saa yetu ya Kiswahili na saa ya kimataifa zimewapotezea watu safari. Mgeni wa Muskati au wa Ulaya akisoma "saa 4 asubuhi" atakuja alfajiri. Hata Mkenya aliyezoea barua za Kiingereza anaweza kuteleza. Andika zote mbili: saa 10:30 alasiri, yaani 16:30. Na kama mhadhara ni wa usiku, usiandike kamwe "usiku wa Ijumaa." Kwa hesabu ya watu wa Pwani na kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaokuja Alhamisi jua likizama. Kwa wengine ni Ijumaa yenyewe baada ya Isha. Tarehe pamoja na jina la siku ndiyo dawa, na tarehe ya Hijria ikiongezwa iwe ya heshima tu, isitegemewe kwa kupanga safari.

Honoraria: taja kiasi, kodi, na siku ya kulipa

Watu wengi wa kamati za dini huona haya kuandika fedha. Matokeo yake ni mgeni anayepewa bahasha mlangoni, hajui ndani mna nini, mhasibu hana saini, na mwakani mtu anauliza fedha zilikwenda wapi. Msomi aliyesafiri na kuandaa kazi ya majuma matatu anastahili kujua kabla ya kukubali.

Chagua neno kwa uangalifu. "Posho" ni ya kujikimu, inahesabiwa kwa siku. "Takrima" iepuke kabisa. Tangu marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliyoiruhusu, na Mahakama Kuu kuibatilisha mwaka 2006, Mtanzania akilisikia neno hilo hufikiria kununuliwa. "Ujira" linawasumbua baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu, kwa kuwa kuchukua ujira kwa kufundisha dini ni suala lenye khilafu, yaani tofauti ya rai za wanazuoni, ya muda mrefu. "Honoraria" linatumika vyuoni na halimgusi mtu vibaya. Mimi huandika hilo, na mara ya kwanza nalieleza kuwa ni malipo ya shukrani kwa kazi ya kuandaa na kutoa mhadhara.

Yatenganishe na gharama. Nauli, malazi na chakula ni juu ya mwenyeji na havikatwi kutoka kwenye honoraria. Nimeona barua isemayo "tutakupatia shilingi laki tano kwa ajili ya yote," na mgeni akarudi kwake amebaki na elfu thelathini.

Kisha kodi. Kwa Tanzania, taasisi inayolipa ada ya huduma ya kitaalamu huzuia asilimia 5 kwa mkazi na asilimia 15 kwa asiye mkazi, na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kwisha. Kamati yetu ilitenga shilingi 500,000. Mgeni wa Nairobi si mkazi, kwa hiyo zuio ni 75,000 na mkononi atapata 425,000. Angekuwa msomi wa Dodoma angekatwa 25,000 tu. Sasa kamati iamue kabla ya kuandika: laki tano ni kabla ya kodi au baada? Mkitaka apokee laki tano kamili, gawanya 500,000 kwa 0.85. Mtatenga 588,235, na kati yake 88,235 ni ya TRA. Tofauti hiyo ya themanini na nane elfu isipokuwa kwenye bajeti itatafutwa siku ya mwisho kwenye mifuko ya wajumbe. Mweleze mgeni kwamba atapewa hati ya zuio, huenda akaihitaji kwao. Kama kamati yenu haijasajiliwa popote, mwulizeni mhasibu au ofisi ya TRA ya eneo lenu kabla ya kuahidi chochote.

Jambo la mwisho ni nani anapokea. Padre au sista aliyeweka nadhiri ya ufukara mara nyingi ataomba fedha ziende kwa shirika lake. Sheikh anaweza kupenda ziende madrasa. Mwachie nafasi ya kusema bila kumlazimisha akatae kwanza. Sentensi moja inatosha: "Kama ungependa malipo haya yaelekezwe kwa taasisi, tuandikie jina lake."

Salamu, na nani atie saini

Barua ya upande mmoja huanza kwa "Assalaam alaykum" au "Tumsifu Yesu Kristo." Hii inatoka kwa wote wawili, na ukiweka zote mbili inaonekana kama inapima mgeni ataitikia ipi. Sisi hufungua kwa "Amani iwe kwako." Ni maana ya salamu ya Kiislamu na ni maneno ya Yesu kwa wanafunzi wake katika Yohana 20. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Acha "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu." Kichwa ameshakisoma. Usifunge kwa "wako katika imani" pia, maana ataanza kujiuliza imani ipi. Saini ziwe mbili, za wenyeviti wa pande zote, kwenye ukurasa uleule. Mgeni akiona saini ya upande mmoja tu atapiga simu kuuliza kama wengine wanajua.

Barua yenyewe

Jina la kamati
S.L.P. ……, Dar es Salaam
Kumb. Na. ……
9 Novemba 2026

Dkt. …………
Idara ya …………
Chuo Kikuu cha …………, Nairobi

YAH: MWALIKO WA KUTOA MHADHARA WA HADHARA, JUMATANO 3 FEBRUARI 2027

Mheshimiwa Daktari,

Amani iwe kwako. Kufuatia mazungumzo yetu ya simu ya mwezi Oktoba, kamati yetu ya pamoja ya Waislamu na Wakristo inakualika utoe mhadhara wetu wa mwaka 2027.

Jina tunalopendekeza ni "Kimbilio Aksum: Najashi, Jaafar na Surat Maryam." Tungependa wasikilizaji waelewe ni nini kilichosemwa mbele ya mfalme mwaka 615, na jinsi Waislamu na Wakristo wanavyolikumbuka tukio hilo. Huu si mdahalo. Uko huru kueleza mapokeo ya kila upande kuhusu mwisho wa Najashi, lakini hatukuombi uamue kati yake, na wenyeviti hawatapokea maswali ya kulinganisha ubora wa dini. Ukitaka kurekebisha jina au mkazo, tuandikie kabla ya Ijumaa tarehe 8 Januari 2027, pamoja na muhtasari wa nusu ukurasa.

Tunatarajia watu 150 hadi 200: walimu wa madrasa na shule ya Jumapili, vijana wa sekondari, akina mama, viongozi wa dini na wastaafu. Wengi wanakijua kitabu chao, na cha wenzao kwa uchache. Lugha ni Kiswahili. Wanaume na wanawake watakuwa ukumbi mmoja, na safu za kulia zimetengwa kwa wanawake wanaopenda. Kamati itarekodi sauti na picha, na utapewa nakala kamili uipitie kabla haijatolewa. Maswali yataandikwa kwenye karatasi na kusomwa na wenyeviti wawili.

Mhadhara utafanyika Ukumbi wa …………, Ilala, kuanzia saa 10:30 alasiri (16:30) hadi saa 12:30 jioni (18:30). Una dakika 45 za kuzungumza na 50 za maswali. Tunakutarajia ufike Jumanne tarehe 2 Februari na uondoke Alhamisi tarehe 4 Februari.

Kamati italipa tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, malazi ya usiku mbili, chakula na usafiri wa mjini. Mbali na hayo, utapokea honoraria, yaani malipo ya shukrani kwa kazi ya kuandaa na kutoa mhadhara, ya shilingi za Tanzania 500,000 baada ya kodi. Kodi ya zuio ya asilimia 15 italipwa na kamati juu ya kiasi hicho, na hati yake utapewa. Malipo yatafanywa kwa njia ya benki au simu, upendavyo, asubuhi ya tarehe 4 Februari kabla hujaondoka. Kama ungependa yaelekezwe kwa taasisi, tuandikie jina lake.

Tunaomba jibu lako kufikia Jumatatu tarehe 23 Novemba 2026, kwa katibu, simu ……. Pamoja na jibu tutumie jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na utueleze chakula usichokula.

Kwa heshima,

………… Mwenyekiti mwenza (msikiti)
………… Mwenyekiti mwenza (parokia)

Baada ya kutuma

Barua hiyo inakaa ukurasa mmoja na nusu. Itume kwa barua pepe kama faili isiyobadilika, yenye saini zote mbili, kisha mpigie siku ya pili kuhakikisha imefika. Majibu ya "inshallah nitakuja" au "Mungu akipenda" yana baraka zake, ila tiketi hainunuliwi kwayo. Mwombe kwa adabu aandike sentensi moja kwamba amekubali tarehe, mada na masharti ya malipo.

Ikifika tarehe 23 bila jibu, mpe siku tatu na simu moja. Ukimya ukiendelea, mwandikie kwamba kamati inaelewa ana kazi nyingi na itamkaribisha mwaka mwingine, ndipo umwendee wa pili kwenye orodha. Usiwaalike wawili kwa wakati mmoja ukitegemea mmoja atakataa. Wasomi wa fani hii wanajuana, na mwaka ambao wote wawili watakubali utalazimika kumwandikia mmoja barua iliyo ngumu kuliko hii.

Tarehe 8 Januari muhtasari ukifika, usomwe na watu wawili, mmoja wa kila upande, kabla bango halijachapwa. Wakiona neno linalowachoma, mgeni aambiwe siku hiyohiyo, kwa simu, na yule aliyechomwa ndiye azungumze naye.

Asubuhi ya tarehe 4, kabla gari halijamchukua kwenda uwanjani, mhasibu akae naye dakika tano: malipo yameingia, saini mbili kwenye risiti, nakala moja yake na moja ya kamati. Hati ya zuio itamfuata mwezi Machi, baada ya kodi kupelekwa, na kuituma ni kazi ya katibu.